Miguu kwanza, gridi baadaye: kupanga picha kwenye kibaraza cha fundi cherehani

Chukua safu ya maduka sita kwenye mtaa wa vumbi, ya aina inayopatikana Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma. Juu kuna bati, kila baada ya mita 3 kuna nguzo ya mbao, na mbele ya milango kuna kibaraza cha saruji chenye upana wa mita 1.5 kilichoinuka sentimita 30 kutoka ardhini. Mlango wa nne ni wa fundi cherehani. Anataka picha mbili na video ya sekunde 20 za kutangaza kazi yake, na kifaa kilichopo ni simu.

Wengi wanaopiga wanafika, wanasimama barabarani wakimtazama fundi moja kwa moja, wanawasha gridi, ile mistari inayoigawa skrini sehemu tatu kila upande, wanamsogeza hadi kwenye mstari wa theluthi, wanabonyeza. Picha inatoka ikiwa imetii kanuni na bado ni bapa, kana kwamba fundi amebandikwa ukutani. Sababu ni mahali pa kusimama. Ukiukabili ukuta uso kwa uso, ukingo wa kibaraza na ukingo wa bati vinalala sambamba na kingo za simu, havielekei popote. Gridi haiwezi kuliponya hilo kwa sababu gridi haijui kilicho karibu na kilicho mbali.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni hili: ukigeuza simu kushoto au kulia, vitu vyote vinahama pamoja. Kinachobadilisha uhusiano wa kitu cha karibu na cha mbali ni kuhama kwako wewe, hatua kwa hatua. Kwa hiyo kazi inaenda kwa mpangilio huu: miguu, kimo cha simu, mwelekeo wa simu, na gridi mwisho kabisa. Ukianza na gridi utahangaika nusu saa.

Saa ya kwenda

Tuseme maduka yanatazama mashariki. Dodoma jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Kutegemea mwezi, linafika kileleni kati ya saa sita na dakika 20 na saa saba kasoro dakika 10. Baada ya hapo kibaraza kinaingia kivulini, na kivuli cha jengo kinaanza kutambaa kuelekea barabarani. Kati ya saa tisa na saa kumi alasiri kivuli kinakuwa kimekufikia ulipo, huku udongo wa barabarani ukiwa bado unapigwa na jua. Udongo huo mkavu unarudisha mwanga laini usoni kwa fundi, bure. Ukienda asubuhi jua linamchoma machoni na nguzo zinamchora mistari ya vivuli usoni. Maduka yakitazama magharibi, geuza hesabu: nenda asubuhi.

Miguu: mstari uanzie wapi, ukatwe na nani

Shuka kibarazani. Simama ardhini, kama mita 1 nje ya ukingo wa saruji, jengo likiwa kushoto kwako, na utazame kwa urefu wa jengo badala ya kuutazama ukuta. Fundi awe mbele yako mita 4 hivi. Tumia kamera kuu, ile iliyoandikwa `1x`. Sasa ukingo wa kibaraza unaanzia karibu na miguu yako na kukimbilia mbali, ukingo wa bati unashuka kutoka juu, na mistari hiyo yote miwili inakwenda kukutana sehemu moja kule mwisho wa mtaa. Sehemu hiyo tuiite makutano, maana tutairudia sana.

Jicho la mtazamaji linaufuata mstari hadi makutano. Hapo ndipo picha nyingi zenye "mistari mizuri" zinapoharibikia. Mstari unaongoza kweli, ila unampita fundi pembeni na kumpeleka mtazamaji kwenye tangi la maji la jirani. Utajua kosa hili ukiona kwamba kila ukiitazama picha, macho yanaanzia kwa mtu na kumalizia penginepo. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kumweka mtu karibu sana na makutano, jambo linalofaa kwa mtu aliyesimama mbali katikati ya njia. Ya pili, inayofaa kibarazani, ni kumweka mtu juu ya mstari wenyewe ili aukate.

Kwa kawaida fundi ameketi karibu na mlango, ndani ya kivuli, na mstari wa ukingo unapita mbele yake bila kumgusa. Mwombe muisogeze cherehani: "Samahani mama, tunaweza kuisogeza meza mbele kidogo, mpaka mguu wake ukaribie ukingo?" Sentimita 60 tu zinatosha. Sasa mguu wa meza ya cherehani unasimama juu ya mstari. Jicho linapanda na ukingo wa saruji, linagonga meza, linapanda mkono, linafika usoni. Makutano bado yapo nyuma, lakini hayana tena nguvu ya kumteka mtazamaji.

Umbali wako kutoka ukingoni ndio unaoamua mstari ulale au usimame, na hili linapimika. Simu ikiwa juu ya ukingo kwa kiasi kilekile ulichosimama kando yake, mstari unapanda kwenye picha kwa nyuzi 45. Kwa mfano, ukiwa mita 1.2 kando na simu mita 1.2 juu ya saruji, unapata 45. Ukijongea karibu zaidi na ukingo, mstari unasimama wima na kuigawa picha vipande viwili kama ufa. Ukirudi nyuma hadi mita 3, unalala hadi kama nyuzi 20 na nguvu yake inapungua. Kati ya nyuzi 30 na 50 ndiko mstari unakofanya kazi bila kupiga kelele.

Usikimbilie `0.5x` ili mistari iwe mikali. Ni kweli inakuwa mikali, lakini fundi aliye pembeni ya picha atavutwa bega na shavu, na nyuma yake kutakuwa kudogo mno kusomeka.

Kimo: macho ya fundi ndiyo kipimo

Watu wengi wanapiga wakiwa wamesimama, simu ikiwa usawa wa macho yao wenyewe. Fundi ameketi, kwa hiyo anatazamwa kutoka juu na sakafu inamzunguka kama dimbwi.

Kuna kanuni moja ya jiometria inayorahisisha kazi. Kwenye ardhi tambarare, chochote chenye kimo sawa na lensi yako, kiwe mita 2 au mita 50 mbele, kinaangukia kwenye mstari mmoja wa mlalo ndani ya picha. Mstari huo ndio upeo wa macho, na makutano ya ukingo na bati yako juu yake. Ukiishusha simu mpaka usawa wa macho ya fundi aliyeketi, yaani kama mita 1.15 hadi 1.2 juu ya saruji, macho yake yanakaa palepale kwenye usawa ambao mistari yote inakimbilia. Hapo ndipo mtazamaji anahisi picha imepangwa, hata asipojua kwa nini.

Kumbuka umesimama ardhini na kibaraza kimeinuka sentimita 30. Kwa hiyo simu iko mita 1.5 hivi kutoka miguuni pako, karibu na usawa wa kidevu. Bana viwiko mbavuni. Kwa video, egemeza bega kwenye nguzo iliyo karibu, au weka tripodi kama ipo.

Upeo usipite shingoni. Ukiona paa la jirani au waya wa umeme unakata shingo ya fundi, panda au shuka sentimita 10. Nguzo ikionekana kuota utosini, hama kando nusu hatua. Usimwombe fundi ahame, kwa sababu akihama meza inaachana na mstari.

Gridi

Sasa iwashe. Kwenye iPhone ni `Settings`, kisha `Camera`, kisha `Grid`. Kwenye Android nyingi imo ndani ya mipangilio ya kamera kwa jina la `Grid lines`. Kanuni yenyewe ya theluthi iliandikwa mwaka 1797 na mchoraji Mwingereza John Thomas Smith, naye alikuwa akizungumzia michoro ya mandhari, kwa hiyo usiichukue kama sheria ya ndoa.

Geuza simu taratibu mpaka fundi akae kwenye mstari wa kushoto na macho yake yaguse mstari wa juu. Kwa nafasi tuliyochagua, makutano yataangukia kulia kidogo mwa katikati, kama robo ya upana wa picha kutoka usoni kwake. Fundi atazame kulia, kuelekea uwazi huo. Akitazama kushoto, pua inakaribia ukingo wa picha na theluthi mbili zilizobaki zinageuka kiwanja kisicho na mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo gridi hailisemi. Simu iliyonyooka kabisa, bila kuinama mbele wala nyuma, inaweka upeo katikati ya picha siku zote. Ili macho ya fundi yapande hadi theluthi ya juu lazima uinamishe simu kidogo, nyuzi 7 hivi. Kiasi hicho nguzo zinaanza kutawanyika juu, lakini hakuna atakayelalamika. Ukihitaji zaidi ya hapo, tatizo ni kimo, rudi kwenye hatua ya kimo. Kwa picha ya kawaida ipo njia safi zaidi: piga simu ikiwa imenyooka kwa umbo la 4:3, kisha ukate sehemu ya juu. Nguzo zitabaki zimesimama.

Tabaka la mbele

Hapa ndipo mahali pa kawaida panapobadilika zaidi, na hapa ndipo simu inakuwa mbishi. Lensi ya simu ni fupi sana, hivyo karibu kila kitu kinachopita mita 1 na nusu kinatoka kikiwa kikali. Ukiweka ndoo ya maua mita 1 mbele ya fundi kwa matumaini ya ukungu mzuri, utapata ndoo inayosomeka mpaka nembo yake. Ili kitu cha mbele kiyeyuke, kiweke sentimita 20 hadi 30 tu kutoka kwenye lensi.

Habari njema ni kwamba kwa umbali huo kitu kidogo kinajaza eneo kubwa. Sentimita 25 mbele ya lensi ya `1x`, upana wote wa picha ni kama sentimita 35 tu. Kwa hiyo kufunika robo ya picha unahitaji kitu chenye upana wa kiganja, sentimita 8 au 9. Kwa fundi, kitu hicho kipo tayari: kitenge. Chukua pande la kitenge, likunje, limpe msaidizi alishike upande wa kulia wa simu, liingie kwenye picha kutoka ukingoni. Kama uko peke yako, funga kamba kati ya nguzo na kiti, ukining'inize kitenge hapo kwa vibanio vya nguo, na uweke kibanio kingine chini, maana upepo wa alasiri hapa Dodoma hauna adabu.

Kwa nini kulia? Kwa sababu kulia ndiko kwenye barabara inayowaka jua, eneo tupu na jeupe kuliko uso wa fundi. Tabaka la mbele lina kazi ya kuficha kitu. Lisipoficha kitu wala kuelekeza jicho, ni pambo tu, na mtazamaji ataliona kama kidole kilichosahaulika kwenye lensi.

Chagua kitenge cheusi au cha rangi iliyokolea kuliko nguo ya fundi. Cheupe kitang'aa na kuwa ndicho kinachoonekana kwanza. Kiguse kingo mbili za picha, ya kulia na ya juu au ya kulia na ya chini, ili kionekane kinatokea nje. Kikigusa ukingo mmoja tu kinaelea kama karatasi iliyopeperushwa. Kisizidi robo ya picha. Na kisikate mstari wa ukingo wa saruji pale unapoingilia chini ya picha, kwa sababu mstari usioonekana unapoanzia hauongozi mtu.

Sasa fokasi. Mara tu kitenge kinapoingia, simu itataka kukifokasi chenyewe. Dalili ni hii: nyuzi za kitambaa zinaonekana, na uso wa fundi unalegea. Bonyeza uso wake kwa kidole na ushikilie mpaka fokasi ifungwe. Kwenye iPhone yatatokea maandishi `AE/AF LOCK`. Kisha telezesha kialama cha jua kushusha mwangaza kidogo, mpaka barabara ya nyuma ianze kuonyesha rangi ya udongo badala ya weupe mtupu. Baadhi ya simu zina tabia nyingine: kitu kikikaribia sana zinabadilisha lensi zenyewe, na ghafla picha inapanuka. Ukiona hivyo, rudisha kitenge hadi sentimita 30 na ufunge fokasi kabla hakijaingia kwenye picha.

Ukifuata haya, una matabaka matatu. Kitenge cheusi kilichoyeyuka mbele, fundi na cherehani yake katikati, na nyuma mwisho wa mtaa. Yanatakiwa yatofautiane kwa weusi na weupe, si kwa umbali pekee. Kipimo chake ni rahisi: piga picha moja ya majaribio, igeuze nyeusi na nyeupe, na uishike mbali kwa urefu wa mkono. Kama kichwa cha fundi kimezama kwenye mlango mweusi nyuma yake, matabaka mawili yamegandana. Hama hatua moja mpaka kichwa kiangukie kwenye ukuta au kwenye uwazi wa mtaa. Kiangazi, kati ya Mei na Novemba, vumbi linakusaidia: kinachokuwa mbali kinapauka chenyewe. Bodaboda ikipita, usisimamishe video. Ngoja sekunde chache vumbi lishuke kidogo, ndipo nyuma kunapokuwa laini kuliko wakati wote.

Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye kingo nne za picha tu, bila kumtazama fundi. Unatafuta vitu vilivyokatwa nusu: ndoo nusu, kandambili moja, kona ya bango la vocha. Kila kimoja kiingizwe chote au kitolewe chote. Nukta nyeupe kwenye kona, kama mfuko wa plastiki, itashinda mistari yako yote. Iokote.

Simu ikishikwa wima

Kwa video ya wima upana wa picha unapungua karibu nusu, na nafasi ileile ya kusimama itamtupa fundi na makutano kingo tofauti. Jongea karibu na ukingo wa saruji mpaka ubaki nusu mita kando yake, kisha urudi nyuma hadi mita 5. Mstari utasimama zaidi, na kwa picha ndefu hilo linafaa. Kitenge kihame kutoka pembeni kiingie chini, kwenye robo ya chini, kwa sababu hapo ndipo mitandao inapoweka jina la akaunti na maelezo. Macho ya fundi yabaki theluthi ya juu.

Mahali palipojaa mistari: shamba la zabibu

Kibaraza kina mistari michache. Mashamba ya zabibu, kama ya Makutupora, Hombolo au Mpunguzi, yana shida ya kinyume: kila safu, kila waya na kila nguzo inakimbilia makutano yaleyale. Mtu akisimama katikati ya njia kati ya safu mbili, unapata ile picha ambayo kila mgeni wa Dodoma anayo. Hama kutoka katikati mpaka bega lako likaribie safu moja, sentimita 40 hivi. Safu hiyo inakuwa ukuta mkubwa upande mmoja na zilizobaki zinanyamaza. Mkulima akate mstari kwa mkono: ashike tawi au waya wa safu hiyohiyo, mita 3 au 4 mbele yako.

Tatizo la pili la zabibu ni kwamba matabaka yote ni kijani kimoja. Hapo rangi haitakusaidia, mwanga ndio utakusaidia. Piga ukielekea upande wa jua, saa kumi na moja jioni, ili majani ya nyuma yapenyezwe na mwanga na kung'aa, huku jani la mbele, sentimita 20 kutoka kwenye lensi, likikaa kwenye kivuli cha kiganja cha msaidizi. Kivuli cha kiganja hicho kifike pia juu ya lensi, la sivyo jua litapausha picha nzima. Mavuno hapa ni mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kama umekosa mashada msimu mmoja, majani yanatosha kwa tabaka la mbele. Kwa tabaka la kati shada lazima liwepo mkononi mwa mkulima, na likae upande wa mkono ulio mbali na lensi, lisije likaficha kidevu chake.